Gonga, Kisha Sikiliza

Nilikwenda Tabata kuuliza bei ya kukodi mashine ya zege kwa siku moja. Nikarudi bila bei, kwa sababu ya spana.

Mama mwenye mashine alikuwa amepiga magoti kando ya pipa lililorudishwa asubuhi ile. Mkononi ana spana kuukuu, anagonga pipa kwa nje, taratibu, kutoka mdomoni kwenda kitakoni. Ngii. Ngii. Ngii. Halafu, karibu na kitako: dup. Akarudia palepale. Dup. Akazungushia chaki.

"Pipa safi linalia kama sufuria tupu," akaniambia. "Zege likiganda ndani, sauti inakufa. Mteja akisema kaosha, simbishii. Namwambia, kaka, njoo tusikilize wote."

Safari hii aliyekodi ni fundi aliyekuwa akimwaga jamvi Jumamosi. Alipaswa kurudisha jioni. Lakini jamvi halikatizwi ovyo: zege la leo halishikani vizuri na la jana lililokwisha kukaza, na pale maungio ndipo ufa na maji hupata njia. Wakamwaga hadi usiku, maji ya kuoshea yakaisha. Kuosha kwenyewe si kumwagia tu. Unatia kokoto na maji, unazungusha dakika kadhaa, kokoto zinasugua mapanga ya ndani, unamwaga, unarudia, yote kabla saruji haijakaza. Wao walilala.

Ndiyo maana kwenye kalenda ya simu ya mama kila siku iliyokodiwa hufuatwa na siku iliyofungwa. Wateja hulalamika wakiiona mashine imekaa bure. "Ile ni siku ya spana," anasema. "Nikiikodisha, anayefuata analipia uchafu wa mwenzake."

Dhamana ni shilingi 200,000. Mkanda ukilika au beringi ikichoka, ni juu ya mama. Hiyo ni kuchakaa. Zege lililoganda hulipiwa na mkodi, kwa ujira wa kijana anayeingiza mkono na tindo. Siku ile zilitoka ndoo mbili za lita 10. Zege la ndoo kama hiyo, likiwa halina mianya, lina kilo 24 hivi, kwa hiyo pipa lingezunguka limebeba hadi karibu kilo 50 zisizo na kazi.

Ujira ukakatwa, fundi hakugomba. Ugomvi ulikuja zege lilipotoka, likafichua nundu. Watu huchapa pipa kwa nyundo ili zege lidondoke. Bati likibonyea, kwa ndani panatokea nundu, na zege lijalo hunasa hapo.

"Mama, hii niliikuta."

Wakafungua picha za makabidhiano. Mdomo upo, injini ipo, magurudumu yapo. Kitako kipo kivulini, cheusi tii. Mama akakuza picha, akapunguza, akakuza tena. Shilingi zilizobaki zilikuwa mezani, chini ya spana, nilipoaga.