Pesa ya Malalamiko Iko Mstari Gani? Somo kutoka barabara ya Vurra, Arua na Koboko

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI WA KWANZA: Baadhi yenu mliovuka kutoka Kongo mliingilia Vurra, mpakani. Hapo ndipo inapoanza barabara ya lami ya kilomita 92 inayopita Arua na Koboko hadi Oraba, mpaka wa Sudani Kusini. Leo tunazungumzia pesa ambazo mradi wa barabara kama huo hutenga kwa ajili ya watu na mazingira.

MTANGAZAJI WA PILI: Kaka, wasikilizaji watauliza: pesa za barabara si za lami na mitambo?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Sehemu kubwa, ndiyo, dada. Lakini kabla ya greda kufika, wataalamu hufanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Wanaandika nini kitaharibika na nini kifanyike: kumwagia maji vumbi, kufukia mashimo, kulipa mazao, kupokea malalamiko. Hizo ni ahadi. Na ahadi ya mradi hutimia ikiwa ina mstari wake kwenye jedwali la kazi na bei. Hilo ni sehemu ya mkataba, linaloonyesha kila kazi, kiasi chake na malipo yake.

MTANGAZAJI WA PILI: Tupe mfano.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Tuchukue mashimo ya changarawe. Mkandarasi huchimba udongo karibu na vijiji ili ajenge tuta la barabara. Asipoyafukia, mvua huyajaza maji, mbu huzaliana, na mtoto anaweza kuzama. Tuseme kuna mashimo sita, na kufukia moja ni shilingi milioni 15. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kazi hiyo inaweza kuandikwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: ina mstari wake. Mashimo sita, milioni 15 kila moja, jumla milioni 90. Mkandarasi akifukia mawili, mhandisi msimamizi anakagua, anatia saini, na mkandarasi analipwa milioni 30. Asipofukia, halipwi. Hapo faida yake na usalama wa mtoto wako vinakwenda pamoja.

Njia ya pili: imeandikwa kwamba gharama imo ndani ya bei za kazi nyingine. Maana yake, mkandarasi analipwa kidogo kidogo kila anapomaliza kipande cha barabara. Shimo akilifukia, haongezewi kitu. Akiliacha, ameokoa mafuta ya mitambo. Ndiyo maana njia hii huacha mashimo wazi.

Njia ya tatu: fedha zimewekwa kando, nazo hutumika tu mhandisi akitoa agizo. Mafunzo ya wafanyakazi na kazi za jamii mara nyingi huwekwa hapa. Agizo lisipotoka, fedha hazitumiki, na hakuna anayeonekana amekosea.

MTANGAZAJI WA PILI: Basi mwananchi anayetaka kujua aulize nini?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Swali moja tu kwenye mkutano: "Kufukia mashimo kuna mstari wake, au kumo ndani ya bei nyingine?" Na aulize mapema. Kwa kawaida sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe. Wakati huo mhandisi bado ana cha kumshikia. Baada ya hapo mitambo imeondoka.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI WA PILI: Na fidia ya mashamba?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Fidia mara nyingi haitoki kwa mkandarasi wala kwenye mkopo. Hutoka kwenye bajeti ya serikali. Kwa hiyo lami inaweza kuwa na pesa huku fidia ikisubiri. Katiba ya Uganda, ibara ya 26, inataka fidia ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Bei za mazao hupangwa na bodi ya ardhi ya wilaya.

Ndugu mkimbizi, ardhi unayolima si yako, lakini mihogo uliyopanda ni yako. Kwa masharti ya Benki ya Dunia, asiye na hati ya ardhi bado anahesabiwa kwa mazao na majengo yake. Angalia tarehe ya mwisho ya kuhesabu watu. Ulichopanda au kujenga baada ya tarehe hiyo hakihesabiwi.

MTANGAZAJI WA PILI: Tufike kwenye malalamiko.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Barabara ya Vurra iligharimiwa chini ya mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2009. Mradi huohuo uligharimia pia Gulu hadi Atiak, na baadaye Kamwenge hadi Fort Portal. Huko Kamwenge, magharibi mwa Uganda, wanavijiji walilalamikia vumbi, ajali, ardhi, na jambo zito zaidi: wafanyakazi wa barabara kuwanyanyasa wasichana wadogo kingono. Malalamiko yalipelekwa hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki. Desemba 2015, Benki ilifuta fedha zilizokuwa hazijatolewa za mradi mzima wa dola milioni 265. Jopo lilikuta kwamba hatari ya kuleta wafanyakazi wengi katika vijiji vidogo haikupimwa ipasavyo.

MTANGAZAJI WA PILI: Kumbe kamati za malalamiko hazitoshi?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Kamati isiyo na bajeti ni majina kwenye karatasi. Inahitaji daftari, fomu, simu, nauli ya kufika kijijini, na afisa anayelipwa mshahara kufuatilia. Ukitaka kuijua kamati iliyo hai, peleka lalamiko kisha uombe namba yake na tarehe ya jibu. Wasipokuwa na daftari la kuandika namba, jua pesa haijafika.

Kwa unyanyasaji wa kingono, usisimame mbele ya kamati wala mkutano. Nenda kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya muda huo. Hata muda ukipita, nenda. Kuna matibabu mengine. Polisi nao wana wajibu wao.

MTANGAZAJI WA PILI: Je, somo la Kamwenge lilifika huku kwetu?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Lilifika. Mwaka 2020 Benki iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 130.8 kwa barabara ya Koboko, Yumbe na Moyo, kilomita 105, katika wilaya zinazopokea wakimbizi. Safari hii kuzuia ukatili wa kijinsia kuliwekwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Lakini fedha kuandikwa ni jambo moja, na agizo la kuzitumia kutoka ni jambo jingine.

MTANGAZAJI WA PILI: Na jibu lisipopatikana?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Anza kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, au kamati ya ustawi wa wakimbizi. Kisha mhandisi msimamizi na afisa wa mazingira wa wilaya. Tangu kazi za UNRA zirudishwe serikalini mwishoni mwa 2024, barabara kuu ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ikiwa mradi ni wa Benki ya Dunia, na mmeshaiambia Benki bila kuridhika, watu wawili au zaidi wanaweza kuliandikia Jopo la Ukaguzi na kuomba majina yao yafichwe.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Barabara iliyo karibu nanyi ina mashimo mangapi yaliyoachwa wazi? Nani alipaswa kuyafukia?
2. Daftari la malalamiko linakaa wapi, na nani anaruhusiwa kulisoma?
3. Msichana asiyetaka jina lake lijulikane atapita njia gani hapa kambini?

(Muziki wa kufunga.)