Uchafu Kati ya Nyuso Mbili za Chuma

Fundi anayehudumia pampu za maji au mashine za kusaga anaijua dalili hii: kontakta inaunguruma badala ya kushika kimya, koili inachemka, kisha inaungua. Inanunuliwa koili nyingine, nayo inaungua vilevile. Mara nyingi kasoro iko pale vipande viwili vya chuma vinapokutana, kwenye tabaka la uchafu jembamba kuliko ukucha.

Ili kuelewa jinsi uchafu huo unavyoua koili, lazima tutenganishe vitu viwili ambavyo kwa kawaida tunaviita sumaku tu. Cha kwanza ni uga wa sumaku, H, yaani msukumo unaotokana na umeme kupita kwenye raundi za waya. Cha pili ni msongamano wa flaksi, B, yaani kiasi cha sumaku kinachopita kweli katika eneo fulani, na hupimwa kwa tesla. Hewani msukumo mkubwa huzaa flaksi kidogo. Ndani ya chuma laini, msukumo uleule unaweza kuzaa flaksi mara 2,000 zaidi.

Flaksi inapovuka kutoka chuma kwenda hewani, sharti la kwanza ni hili: sehemu ya B inayopenya uso wima haibadiliki. Chora kisanduku bapa kinachoukumbatia mpaka, upande mmoja ndani ya chuma na wa pili hewani. Mistari ya flaksi haina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo yote inayoingia kisandukuni lazima itoke. Basi kama B ndani ya chuma ni tesla 1, hewani mara tu baada ya mpaka ni tesla 1 pia. Hewa, ambayo ni ngumu kupitisha sumaku, inalazimika kubeba mzigo uleule wa chuma, na H ndiyo inayolipa gharama: inaruka ghafla mara 2,000.

Tuhesabu. Tuseme njia ya flaksi ndani ya chuma cha kontakta ina urefu wa sentimita 20. Kwa tesla 1, chuma hicho kinahitaji H ya takriban ampea 400 kwa mita. Zidisha kwa mita 0.2, unapata ampea-raundi 80. Sasa weka uchafu wa milimita 0.1 kwenye kila moja ya nyuso mbili ambazo flaksi inavuka. Kwa sumaku, vumbi na mafuta ni sawa na hewa. Humo H ni karibu ampea 800,000 kwa mita. Zidisha kwa mita 0.0002, unapata ampea-raundi 160. Yaani milimita 0.2 za uchafu zinadai mara mbili ya kile kinachodaiwa na sentimita 20 za chuma! Jumla imetoka 80 hadi 240.

Kwa umeme wa AC, volti ndizo zinazoamua flaksi. Koili haiwezi kupunguza B, kwa hiyo inavuta mkondo zaidi, hapa mara tatu. Joto katika waya hufuata mraba wa mkondo, basi ni mara tisa. Waya haukuundwa kustahimili hilo.

Sharti la pili linahusu sehemu ya uga inayolala sambamba na uso: hapo H ndiyo isiyobadilika, mradi hakuna mkondo wa umeme unaopita juu ya mpaka wenyewe. B ndiyo inayoruka. Ukiyaunganisha masharti mawili, mistari ya flaksi inapinda. Ikiufikia uso kutoka ndani ya chuma ikiwa imeinama nyuzi 80 kutoka wima, hewani itatoka ikiwa imeinama chini ya nyuzi 0.2, karibu wima kabisa. Ndiyo maana katika mwanya mwembamba tunaweza kuhesabu kana kwamba flaksi yote inavuka wima.

Masharti haya hayavunjiki, ila namba 2,000 ni ya chuma ambacho hakijashiba. Kikikaribia tesla 2, uwezo wake huporomoka na tofauti yake na hewa hupungua.

Zima umeme, fungua kontakta, futa nyuso kwa kitambaa kikavu. Usizipige tupa: utaongeza mwanya uleule unaotaka kuuondoa. Mngurumo peke yake si ushahidi, kwa sababu pete ndogo ya shaba iliyo usoni ikivunjika kontakta hunguruma pia. Pima mkondo wa koili kabla na baada ya kusafisha.

Kwenye koili ya DC uchafu huohuo una sura nyingine. Huko mkondo huamuliwa na ukinzani wa waya, hivyo hauongezeki. B ndiyo inayoshuka, katika mfano wetu hadi theluthi moja. Koili inabaki salama, lakini nguvu ya kushika, inayofuata mraba wa B, inabaki moja ya tisa, na kinachoungua sasa ni ncha za kontakta zilizogusana kwa ulegevu.