Pawabenki Iliyoumbuliwa na Mizani

Tuseme mnunuzi ni fundi cherehani wa Mbagala, ambaye wateja wake wote humtafuta kwa simu. Umeme umekatika mara tatu wiki hii. Jioni moja anaona tangazo kwenye Instagram: pawabenki ya mAh 50,000, chaji ya haraka ya wati 22.5, "inajaza simu mara kumi". Bei ni shilingi 65,000. Analipa kwa simu, na kesho yake bodaboda analeta kifurushi.

Kifaa kinafanana kabisa na kile cha kwenye picha, na taa zake zinawaka. Lakini simu yake, yenye betri ya mAh 5,000, inajaa mara moja tu, na mara ya pili pawabenki inazima kabla simu haijafika asilimia 30. Anampigia muuzaji: "Kaka, hii pawabenki yako haina nguvu." Anajibiwa kwamba labda waya wake ni mbovu, au simu yake imechoka. Hapo mazungumzo yanakwama, kwa sababu neno "haina nguvu" halipimiki, na kila upande unaweza kulivuta upendavyo.

Malalamiko yanayosimama huanza kwa kuiweka ahadi ya tangazo kando ya kitu kilichofika, kipengele kwa kipengele. Kwa pawabenki, kazi hiyo haihitaji maabara. Mizani ya dukani inatosha kuianza.

Ndani ya pawabenki nyingi mna betri za lithiamu za mviringo, ndefu kidogo kuliko betri za kawaida za tochi. Betri moja ya aina hiyo iliyo bora ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hubeba takriban mAh 3,500. Ili kufikisha mAh 50,000 zinahitajika kama 15, yaani gramu 700 hivi za betri peke yake, kabla hujahesabu ganda na saketi. Zipo pawabenki zenye betri bapa, lakini tofauti ya uzito si kubwa kiasi cha kubadili jibu. Fundi wetu anapeleka yake kwa muuza nafaka jirani, na mizani inasoma gramu 210. Kifaa chenye uzito huo hakiwezi kubeba mAh 50,000. Kikiwa kizuri sana, kitakuwa na mAh 10,000 hivi.

Ahadi ya pili inapimwa kwa macho. Nyuma ya kifaa, kwa herufi ndogo, pameandikwa "Output: 5V/2A". Volti 5 ukizizidisha kwa ampia 2 unapata wati 10. Tangazo liliahidi wati 22.5. Kama hakuna tundu jingine lenye maandishi ya nguvu kubwa zaidi, chaji ya haraka iliyotangazwa haimo, na anayeshuhudia hivyo ni kifaa chenyewe.

Ahadi ya tatu, ile ya kujaza simu mara kumi, inataka uangalifu, kwa kuwa ndiyo inayowaponza walalamikaji wengi. Anayegawanya 50,000 kwa 5,000 anapata kumi, kisha anadai kumi. Lakini idadi ya mAh inayoandikwa kwenye pawabenki huhesabiwa kwa volti za betri zilizo ndani, kwa kawaida 3.7, ilhali umeme unaotoka kwenda kwenye simu una volti 5. Katika kupandisha volti hizo, idadi ya mAh inapungua, na sehemu nyingine ya umeme inapotea kama joto. Pawabenki halali ya mAh 10,000 hutoa kama 6,000 au zaidi kidogo. Ya 50,000, kama ingekuwa ya kweli, ingejaza simu ya fundi mara sita hivi. Kwa hiyo hoja yake isiwe "sikupata kumi" peke yake. Aseme kwamba hata kifaa cha kweli cha ukubwa uliotangazwa kingejaza mara sita, na hiki kimeishia mara moja na kitu. Muuzaji anayejua hesabu ya volti hatakuwa na pa kujifichia.

Vipimo hivyo havitafaa kitu kama tangazo lenyewe limepotea. Tangazo la "stori" au "stetasi" hutoweka baada ya saa 24, na la kwenye ukurasa hufutwa kwa kubonyeza mara moja. Ndiyo maana picha ya skrini ya tangazo, ikionyesha jina la muuzaji, bei na tarehe, hupigwa kabla ya kumpigia simu na kulumbana naye. Kisha huwekwa ujumbe wa malipo, picha ya kifaa kikiwa juu ya mizani na picha ya maandishi ya nyuma. Jambo moja lisifanywe kamwe: kupasua ganda ili kuonyesha betri. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na kifaa kilichofunguliwa kinampa muuzaji sababu ya kusema kimeharibiwa na mnunuzi.

Sasa ujumbe wa fundi unaweza kuandikwa hivi:

"Habari kaka. Tarehe 4 nilinunua kwako pawabenki kwa shilingi 65,000. Tangazo lako lilisema mAh 50,000, wati 22.5 na kujaza simu mara kumi. Iliyofika ina uzito wa gramu 210, imeandikwa 5V/2A ambazo ni wati 10, na imejaza simu yangu ya mAh 5,000 mara moja na robo. Picha zote nimeambatanisha. Naomba unirudishie fedha yangu ndani ya siku saba, nami nitakurudishia kifaa kikiwa kizima. Bila hivyo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani."

Hamna tusi, na hamna neno "tapeli". Kuna ahadi tatu, vipimo vitatu, dai moja na siku ya mwisho.

Tume hiyo, inayofahamika kwa kifupi FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Kenya inayo Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, na mnunuzi wa huko anaweza pia kufungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya.

Utetezi ambao fundi anaweza kukutana nao ni ule wa "maelezo yalikuwepo, hukuyasoma". Utetezi unaofanana na huo uliwahi kutolewa na kampuni kubwa mno. Mwaka 2012 Apple ilitangaza nchini Australia iPad iliyoitwa "WiFi + 4G", wakati haikuweza kuunganishwa na mtandao wa 4G wa nchi hiyo, kwa kuwa masafa yake hayakulingana. Kampuni ilijitetea, pamoja na mengine, kwamba kifaa kilishika mitandao mingine yenye kasi. Baada ya mamlaka ya walaji kwenda mahakamani, Apple iliahidi kuwarejeshea fedha wanunuzi waliotaka, kisha ikatozwa dola za Australia milioni 2.25. Kilichotazamwa ni picha ambayo jina "4G" lilijenga akilini mwa mnunuzi wa kawaida, hata kama ufafanuzi ulikuwepo mahali pengine.

Muuzaji aliyezima simu na kufuta ukurasa ni mgumu kumpata, na fedha aliyopewa huenda isirudi. Kwa pawabenki inayofuata, fundi wetu anatuma swali moja kabla ya kulipa: "Ina uzito wa gramu ngapi?" Jibu likija kwa maandishi, analihifadhi pamoja na picha ya tangazo.