Mshahara Wako Umesimama Wapi Katika Mstari?

Ndugu wafanyakazi, kila tunapodai nyongeza mwajiri hutujibu kwamba analipa kama wenzake wanavyolipa. Hapa Uganda hatuwezi kumaliza ubishi huo kwa kutazama kima cha chini cha mshahara, maana kile kilichotangazwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 tu kwa mwezi. Kipimo kinachofaa zaidi ni uchunguzi wa mishahara, yaani hesabu zinazokusanywa kutoka kwa waajiri wengi kuonyesha kila kazi inalipwa kiasi gani. Mameneja huja nazo mezani, kwa hiyo na sisi yatupasa kujua kuzisoma.

Ndani ya hesabu hizo kuna neno pasentaili. Tufikirie mafundi umeme 100 wamepangwa mstari mmoja, kuanzia mwenye mshahara mdogo hadi mwenye mkubwa. Anayelipwa kwa pasentaili ya 25 amewaacha nyuma yake watu kama 25, na wengine 75 wako mbele yake. Pasentaili ya 50 ni katikati ya mstari, na ya 75 ni mwanzo wa robo ya juu. Tusichanganye neno hili na asilimia ya fedha. Aliye kwenye pasentaili ya 25 halipwi robo ya mshahara. Tunachoambiwa ni mahali aliposimama tu.

Sasa tuchukue mfano wa fundi umeme wa kiwandani, kwa tarakimu tulizojitungia. Uchunguzi unaonyesha kwamba pasentaili ya 25 ni shilingi 900,000 kwa mwezi, ya 50 ni 1,200,000, na ya 75 ni 1,600,000. Fundi wetu anapata 1,200,000. Meneja anamwambia, "Wewe uko katikati kabisa, unadai nini?"

Kwanza tuulize ni fedha gani zinazolinganishwa. Uchunguzi huu ulihesabu mshahara wa msingi tu, kabla ya kukatwa kodi na mchango wa NSSF. Lakini katika ile 1,200,000 ya fundi wetu mna posho ya nyumba 150,000. Mshahara wake wa msingi ni 1,050,000, nao uko nusu ya njia kati ya pasentaili ya 25 na ya 50, yaani kwenye 37 hivi. Tayari ameshatoka katikati.

Pili tutazame tarehe. Hesabu zilikusanywa miezi 18 iliyopita. Ikiwa mishahara ya mafundi imekuwa ikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, basi tarakimu zote za uchunguzi ziongezwe asilimia 9. Pasentaili ya 25 inakuwa 981,000, na ya 50 inakuwa 1,308,000. Fundi wetu sasa yuko kwenye pasentaili ya 30 hivi. Pale ambapo mwenzake wa katikati hupata shilingi moja, yeye hupata senti 80.

Tatu tutazame kazi yenyewe, wala si jina la cheo. Tusome maelezo ya kazi yaliyomo katika uchunguzi na kuyalinganisha na anayoyafanya mtu kila siku. Kwa fundi aliyeanza juzi, pasentaili ya 30 si dhuluma. Kwa aliyezoea kazi na anayeifanya bila kusimamiwa, haki ni karibu na 50. Fundi wetu ana miaka 12 kazini na anawaongoza vijana watatu. Mtu wa namna hiyo hutazamiwa kuwa juu ya katikati. Kwa hiyo mshahara wake ni mdogo, na kumfikisha katikati tu kunahitaji nyongeza ya 258,000. Kama angekuwa amepita pasentaili ya 75, dai la kwamba analipwa chini ya wenzake lisingesimama.

Tuulize pia ni waajiri wangapi waliohesabiwa, na wa aina gani. Wakiwa wanne au watano tu, kiwanda kimoja kikubwa kinaweza kuvuta mstari wote. Karakana ndogo ya mjini nayo haifai kupimwa kwa mishahara ya makampuni makubwa peke yake.

Mwisho, tukumbuke mpaka wa kipimo hiki. Pasentaili hutuambia wengine wanalipwa nini. Haituambii kama fedha hizo zinatosha posho ya nyumbani, kodi ya chumba na karo. Waajiri wote wa kazi fulani wakilipa vibaya, aliye katikati naye analipwa vibaya. Hapo dai si la mtu mmoja dhidi ya meneja wake tena. Ni dai la mafundi wote, na hesabu ya kwenda nayo mezani ni ile ya bei za sokoni.