Barua ya Mama Kuhusu Sabuni ya Darasani

Mama anayeiomba shule ibadilishe sabuni ya kunawia mikono kwa ajili ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ana kazi ya kueleza jambo ambalo mwalimu halioni: sabuni inayowafaa watoto wote darasani yaweza kumchubua mmoja. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya 5 hivi, na mafuta yanayozuia maji yasiipotee. Kwa mtoto huyu kinga hiyo ni dhaifu tangu mwanzo. Sabuni ya mche, yenye pH ya 9 hadi 10, huyaondoa mafuta hayo. Ngozi hukauka, huwasha, mtoto hujikuna, na michubuko hufungulia vijidudu njia.

Katika shule nyingi za Tanzania watoto hunawa kwenye kibuyu chirizi au ndoo ya koki. Sabuni huwa ya maji, ya dumu, yenye rangi na manukato. Pengine ni ya unga, imekorogwa tu kwenye chupa. Hiyo ya unga ndiyo mbaya zaidi, kwani imetengenezwa kwa ajili ya nguo.

Barua nzuri haizidi nusu ukurasa:

“YAH: OMBI LA KUBADILISHA SABUNI, DARASA LA PILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu ana pumu ya ngozi, ugonjwa usioambukiza. Siku za shule migongo ya mikono yake hupasuka, likizo hupona. Naomba darasa litumie sabuni isiyo na manukato. Wakati shule inalitafakari ombi hili, naomba aruhusiwe kutumia yake, nitakayoileta kwenye chupa yenye jina lake. Aendelee kunawa kama wenzake. Nimeambatanisha cheti cha daktari.”

Maneno “likizo hupona” ndiyo yanayobeba hoja, kwa kuwa yanaielekeza lawama kwenye kitu kilichopo shuleni. “Usioambukiza” humwepusha mtoto na kutengwa na wenzake.

Jibu linaloweza kutoka ofisini ni kwamba sabuni ya kuua bakteria ni salama zaidi. Si kweli. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 katika sabuni za aina hiyo za matumizi ya nyumbani, kwa kukosa ushahidi kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kitakasa mikono nacho si mbadala. Spiriti yake huchoma penye nyufa.

Sabuni mpya peke yake haitoshi. Mtoto asuuze povu lote, hasa katikati ya vidole, ajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha apake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Kichupa cha mafuta hayo nacho kitajwe kwenye barua, la sivyo kitachukuliwa kuwa kipodozi na kurudishwa nyumbani.

Mikono ikitoa majimaji au magamba ya manjano, hayo yaweza kuwa maambukizi: mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri jibu la shule.