Mchana au Alasiri? Jinsi ya Kuuliza Ujumbe wa Kiingereza Usipoeleweka

Karani wa ofisi ya watalii Arusha amepokea ujumbe kutoka kwa wakala wa Uingereza: "Wednesday's 2 p.m. airport pick-up has been moved forward two hours. Please tell the driver." Hakuna neno asilolijua. Hata hivyo, dereva aende kuwapokea wageni saa ngapi?

Kwa wengine "moved forward" maana yake ni mapema zaidi, yaani saa sita mchana. Kwa wengine ni baadaye, saa kumi alasiri. Watafiti wamewahi kuwauliza wazawa wa lugha hiyo swali la namna hii: mkutano wa Jumatano "has been moved forward two days", sasa utafanyika lini? Karibu nusu hujibu Jumatatu na nusu hujibu Ijumaa. Kwa hiyo karani wetu asidhani tatizo ni Kiingereza chake. Sentensi yenyewe ina njia mbili. Hatari iko kwa yule asiyeona njia ya pili. Kwa kuwa sisi tukisema shughuli imesogezwa mbele kwa kawaida tunamaanisha imeahirishwa, atamwambia dereva saa kumi bila wasiwasi wowote, na wageni watakaa uwanjani saa nne nzima.

Jibu linalomjia mtu haraka ni "I don't understand" au "Please clarify." Ni Kiingereza sahihi, lakini halimwonyeshi mwandishi wapi pana utata. Yeye anauona ujumbe wake kuwa wazi, basi ataurudisha vilevile au atauongezea maneno mahali pasipo na shida. Isitoshe, "Please clarify" ikisimama peke yake inasomeka kama amri, hasa anayeandikiwa akiwa mteja au mkubwa wako wa kazi.

Afadhali karani aandike: "Thank you. Just to check the time: is the pick-up now at 12 noon or 4 p.m.?" Ametaja kilichomtatiza, ambacho ni muda, kisha ameweka majibu mawili mezani ili mwenzake achague. Asiandike "at four" bila "p.m.", maana dereva akisomewa hivyo anaweza kusikia saa nne asubuhi.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana au ya simu, jiulize kwanza: sikusikia, au nimesikia ila sikuelewa? Kama kelele ilimeza maneno, "Could you say that again, please?" inatosha. Kama uliyasikia yote, kurudiwa hakutakusaidia kitu. Utapewa maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Hapo omba njia nyingine: "Could you put that more simply, please?" Likikukwaza neno moja tu, liulizie hilo: "Sorry, what does 'no-show' mean here?" Nakushauri uikwepe "What do you mean?" ikiwa peke yake, kwa sababu sauti ikipanda kidogo tu, inageuka ugomvi.

Kilichopotea kikiwa kipande, omba kipande hicho: "Sorry, I didn't catch the flight number." Marubani wana utaratibu huo katika lugha yao ya redio. Wanaweza kusema "Say again", lakini pia wana "Say again all after", wakitaja neno la mwisho walilolisikia, ili warudiwe yaliyofuata tu.

Namba zinataka uangalifu wa pekee. "Fifteen" na "fifty" huchanganywa kila siku kwenye simu. Usiulize "Fifteen?", kwa sababu mwenzako naye anaweza kusikia "fifty" na kukubali. Uliza: "Is that one five or five zero?"

Ukishapata jibu, thibitisha, lakini usithibitishe kwa swali la kukanusha. Tuseme karani anapiga simu na kuuliza, "So the time hasn't changed again?" Wakala anajibu "No", maana yake haujabadilika. Sisi kwa swali kama hilo tungesema "Ndiyo, haujabadilika." Aliyezoea hivyo huichukua "No" kuwa anapingwa, na yeye akiulizwa hujibu "Yes" akampotosha mwenzake. Karani aseme jambo zima: "So the driver will be at the airport at 12 noon on Wednesday. Is that right?" Hapo "Yes" ina maana moja, na dereva anaweza kupigiwa simu.