Simu Imerutiwa? Hii Ndiyo Sababu Apdeti Zimekataa

Umenunua Samsung ya mkono wa pili. Inafanya kazi fiti, bei ilikuwa poa. Halafu siku moja unaingia Settings, unabonyeza Software update, na badala ya apdeti unapata maneno haya: "The operating system on your device has been modified in an unauthorized way." Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyekuwa nayo, au fundi wake, aliiruti.

Kuruti simu ni kujipa mamlaka ambayo mtengenezaji alikunyima, kwa mfano kufuta apu zilizokuja na simu. Ili uyapate, kwanza unaondoa kufuli inayokagua mfumo simu ikiwaka, kisha unabadilisha sehemu ya mfumo wenyewe. Usichanganye hili na kufungua simu ili ikubali laini ya mtandao mwingine. Hiyo peke yake haigusi mfumo.

Kwa nini apdeti inakataa? Mara nyingi apdeti haileti mfumo mzima. Inaleta tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, kama viraka vya nguo. Kiraka kilikatwa kutoshea nguo ya kiwandani, kwa hivyo kabla ya kukibandika, simu inapima kama mfumo uko vile ulivyotoka kiwandani. Ukikuta umebadilishwa hata kidogo, kazi inasimama.

Unachopoteza kwanza ni viraka vya usalama. Nenda Settings, About phone, Software information, utazame tarehe ya Android security patch level. Ikiwa imekwama miaka nyuma, kila tundu lililozibwa tangu hapo bado liko wazi kwako. Pili, kwenye simu iliyorutiwa, apu iliyopewa mamlaka hayo inaweza kusoma mafaili ya apu nyingine, hata ile unayotumia kutuma pesa. Ndiyo maana apu nyingi za benki hukataa kabisa kufunguka.

Je, ukirudisha simu kwa factory reset? Haisaidii, kwa sababu inafuta vitu vyako, si mfumo uliobadilishwa. Hifadhi picha na namba zako kwanza, kisha peleka simu kwa kituo rasmi cha huduma iwekewe mfumo halali. Baada ya hapo apdeti kwa kawaida hurudi.

Lakini kuna kisichorudi. Ndani ya Samsung kuna fyuzi ndogo ya Knox inayoungua mfumo usio rasmi ukipakiwa, na alama yake inatoka 0x0 kuwa 0x1. Hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Secure Folder, ile sehemu ya kufungia mafaili ya siri, haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo.

Kwa hivyo, kabla hujalipa muuzaji, bonyeza Software update mbele yake.